Jina la Tovuti na Mahali Inapokaa

Jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi ni vitu viwili tofauti, ingawa wauzaji wengi huviandika kwenye ankara moja. Jina, linaloitwa pia kikoa au domeni, ni yale maandishi anayoyaandika mteja kwenye simu yake, tuseme samanikeko.co.tz. Hifadhi ni nafasi iliyokodiwa ndani ya seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikiwa imeunganishwa na intaneti, na humo ndimo zinamokaa picha, maelezo na bei.

Jina husajiliwa kwa kipindi maalumu, mara nyingi mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Majina yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), lakini mfanyabiashara huyapata kupitia kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Hifadhi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na inaweza kukodiwa kwa kampuni nyingine kabisa, hata iliyo nje ya nchi.

Kinachoviunganisha ni mfumo wa DNS. Kila seva ina anwani ya namba, na mfumo huo ndio unaobadili jina kuwa namba hiyo. Chukua karakana ya samani ya Keko, Dar es Salaam, iliyosajili jina kwa kampuni moja na kukodi hifadhi kwa nyingine. Kampuni ya hifadhi humpa mteja majina ya seva mbili, yanayoanza kwa kawaida na ns1 na ns2. Mwenye karakana huingia kwenye akaunti yake kwa msajili, hufungua sehemu iliyoandikwa Nameservers, huyaingiza majina hayo na kuhifadhi. Mabadiliko yanaweza kuonekana baada ya saa chache au kuchukua hadi siku mbili, kwa sababu kampuni za mtandao huweka kumbukumbu ya jibu la zamani kwa muda. Katika saa hizo tovuti inaweza kufunguka kwenye simu moja na kugoma kwenye nyingine, na hapo hakuna kilichoharibika.

Karakana hiyo haihitaji nafasi kubwa. Picha 40 za vitanda na makabati zilizopigwa kwa simu, kila moja megabaiti 4, ni megabaiti 160. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 300 kila moja, zote pamoja ni megabaiti 12 tu, na mteja mwenye bando dogo atazifungua haraka. Kifurushi cha gigabaiti moja kinatosha na kubaki. Cha kuuliza zaidi ni kama kampuni inatunza nakala rudufu, na kama mteja mwenyewe anaweza kuipakua.

Tovuti isipofunguka, kwanza ijulikane kilichokatika ni jina au hifadhi. Kwenye kompyuta huandikwa amri hii:

```
nslookup samanikeko.co.tz
```

Jibu likiwa "Non-existent domain" au "NXDOMAIN", tatizo liko upande wa jina: pengine muda wake umekwisha, au limeandikwa vibaya. Namba sahihi ya seva ikirudi lakini ukurasa usifunguke, wa kupigiwa simu ni mwenye hifadhi. Jaribio hilo la dakika moja huokoa siku nzima ya kurushwa kati ya kampuni mbili.

Kutenganisha vitu hivi kuna faida kubwa siku ya kuhama. Hifadhi ikiwa mbovu, mafaili hunakiliwa kwenye seva mpya, jina likaelekezwa huko, na wateja wakaendelea kutumia anwani ileile. Hatari iko kwenye barua pepe. Anwani kama oda@samanikeko.co.tz hutegemea rekodi za DNS ziitwazo MX. Nameservers zikibadilishwa bila rekodi hizo kuandikwa upya kwenye seva mpya, tovuti itafunguka vizuri huku oda za wateja zikikosa pa kufikia. Rekodi zote zinakiliwe kwanza, na hifadhi ya zamani isifutwe mpaka barua za majaribio zifike.

Hifadhi ikipotea, tovuti hujengwa upya kutoka kwenye nakala. Jina likipotea, mwingine anaweza kulisajili, na kila kadi, bango na risiti iliyochapishwa itampelekea wateja yeye. Ndiyo maana lisisajiliwe kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti, hata akiwa mwaminifu. Kabla ya kumlipa malipo ya mwisho, mwenye biashara aingie mwenyewe kwenye akaunti ya msajili, ahakikishe kuwa mmiliki aliyeandikwa ni yeye au biashara yake, na kwamba taarifa za kuhuisha zinatumwa kwenye barua pepe anayoisoma, isiyotegemea jina hilohilo.