Kitambaa cha Jikoni Kisiwe Makao ya Vijidudu

Kitambaa cha kufutia vyombo huweza kuonekana cheupe, na huku kimejaa vijidudu. Vijidudu hivyo hujilisha kwa mabaki ya chakula, nao huongezeka upesi penye unyevu na joto. Kitambaa kilichopangusa maji ya nyama mbichi, kisha kikaachwa kimekunjwa usiku kucha, asubuhi yake huvipaka vijidudu vyombo vyote vitakavyofutwa nacho. Dalili yake ni uvundo na utelezi.

Yafaa mama mwenye nyumba awe na vitambaa vitatu vya pamba: kimoja cha kutumia, kimoja kilichoanikwa, na kimoja safi cha akiba. Kila jioni kilichotumika kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa mafuta yakibaki huvikinga vijidudu. Ndipo kitiwe katika sufuria, maji yakifunike kabisa, nacho kichemke dakika 10 tangu maji yaanzapo kutokota. Kisha kikamuliwe, kikung'utwe, na kutandazwa kambani juani. Siku za mvua kitundikwe karibu na jiko, wala kisirudishwe kazini kabla hakijakauka kabisa.

Sponji ina taabu zaidi, maana matundu yake huficha makombo na hukawia kukauka. Nayo isafishwe vivyo hivyo, lakini kuchemsha hakuviui vijidudu vyote, na vichache vilivyosalia huzaana tena. Kwa hiyo ikinuka hata baada ya kuchemshwa, au ikianza kumeguka, haina budi kutupwa.