Serikali ya Nje Ikikataa Kulipa, Unaishtaki Wapi?

Mwaka 1975 serikali ya Nigeria, ikiwa na fedha nyingi za mafuta, iliagiza saruji kupita uwezo wake wa kuipokea. Ilitia saini mikataba 109 na wauzaji 68 kwa zaidi ya tani milioni 16, huku bandari ya Lagos ikiweza kupokea takriban tani milioni moja tu ya saruji kwa mwaka. Mamia ya meli yalirundikana nje ya bandari yakisubiri gati. Kila siku ya kusubiri ilikuwa na gharama yake, kwa sababu mwenye meli hulipwa fidia anapocheleweshwa. Mwishoni mwa Julai jeshi likampindua Jenerali Gowon, na watawala wapya wakaamua kuzuia meli zaidi zisije.

Miongoni mwa waliokuwa wakidai fedha ilikuwa Trendtex, kampuni ya Uswisi. Ilikuwa na haki ya kulipwa kwa tani 240,000, kila tani dola 60, yaani zaidi ya dola milioni 14. Mnunuzi alikuwa Wizara ya Ulinzi, na saruji ilikusudiwa kujengea kambi za jeshi. Ahadi ya malipo ilitolewa na Benki Kuu ya Nigeria, kwa hati ya benki ambayo wafanyabiashara huiita elsii. Hati yenyewe ilikuwa ya aina isiyoweza kufutwa wala kubadilishwa bila ridhaa ya muuzaji, na fedha zilikuwa zilipwe London kupitia Benki ya Midland. Lakini Midland ilikuwa mpitishaji tu. Haikuithibitisha hati ile, yaani haikujifunga kulipa kwa jina lake. Kwa hiyo Lagos iliposema malipo yasimame, Trendtex hawakuwa na wa kumdai ila Benki Kuu yenyewe.

Wakaishtaki London. Benki Kuu haikuanza kwa kubishania deni. Ilisema kwamba yenyewe ni mkono wa dola ya Nigeria, na dola moja haiburutwi mbele ya mahakama za dola nyingine. Hiyo ndiyo kinga ya dola. Msingi wake ni kwamba mataifa ni sawa, na aliye sawa nawe huna mamlaka ya kumhukumu. Mwaka 1976 jaji wa kwanza aliikubali hoja hiyo, na shauri likaondolewa hata kabla ya mtu kuuliza nani anamdai nani.

Januari 1977 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iligeuza uamuzi huo. Majaji wote watatu walikubaliana kwamba Benki Kuu haikuwa idara ya serikali. Ilikuwa chombo kilichoundwa kwa sheria, chenye uwezo wa kuingia mikataba na kushtakiwa kwa jina lake. Wawili kati yao, Lord Denning na Jaji Shaw, walikwenda mbali zaidi. Walisema kwamba hata ingekuwa idara ya serikali, isingepona, kwa sababu serikali inayoingia sokoni kununua bidhaa hufuata sheria za soko kama mnunuzi mwingine yeyote.

Lakini saruji ile si ilikuwa ya kambi za jeshi? Na ulinzi wa nchi si kazi ya dola hasa? Jibu la Denning ndilo linaloongoza mashauri ya namna hii mpaka leo katika nchi nyingi: usitazame kusudi, tazama tendo. Serikali hufanya karibu kila jambo kwa manufaa ya umma, kwa hiyo kusudi likiwa ndiyo kipimo, hakuna mkataba wake utakaoweza kufikishwa mahakamani. Kununua saruji ni jambo ambalo mkandarasi yeyote anaweza kulifanya. Kufukuza balozi, kutoza kodi au kuendesha mazoezi ya jeshi ni mambo ya dola peke yake. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifuata mstari huohuo mwaka 1983, pale mtu aliyeumia katika ajali ya barabarani alipoidai Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Mahakama ilikubali kwamba kinga ina mipaka, ila ikaona kuwa askari yule alikuwa katika shughuli za mafunzo ya jeshi, na hilo ni tendo la dola. Madai yakaanguka.

Marekani ilikuwa imeandika kanuni hiyo katika sheria mwaka 1976, na mwaka 1981 mahakama ya rufani ya New York iliitumia dhidi ya Nigeria kwa saruji hiyohiyo. Uingereza nayo ilitunga Sheria ya Kinga ya Dola mwaka 1978. Hapo ndipo wengi hupotea njia, wakidhani kwamba anayeweza kushtakiwa anaweza pia kukamatiwa mali. Sheria hiyo inayatenga mambo haya mawili. Kushtaki kuna mlango wake, na kukazia hukumu kuna mlango mwingine ulio mwembamba zaidi.

Mali ya dola huweza kukamatwa ikiwa inatumika kwa biashara, au ikiwa dola imeridhia kwa maandishi. Kukubali kushtakiwa hakuhesabiwi kuwa ni kukubali kukamatiwa mali. Akaunti ya ubalozi haiguswi kirahisi, hata kama sehemu ya fedha zake hulipia bidhaa za kawaida. Bunge la Malodi liliamua hivyo mwaka 1984 katika shauri dhidi ya Kolombia. Fedha za benki kuu nazo zimewekewa ulinzi wake. Trendtex walipokuwa mahakamani walipata amri ya kuzuia fedha za Benki Kuu zisiondolewe London. Chini ya sheria ya 1978 wangeweza bado kushtaki, lakini amri hiyo wasingeipata bila ridhaa ya benki yenyewe.

Kwa hiyo vita hivi hushindwa au kushindikana siku ya kutia saini. Kwanza, mtambue unayefunga naye mkataba: ni wizara, au ni shirika lenye uwezo wa kushtakiwa kwa jina lake? Pili, mkataba utaje mahakama, si sheria peke yake. Kuandika kwamba mkataba utaongozwa na sheria za Uingereza hakumaanishi kwamba dola imekubali mahakama za Uingereza. Tatu, kifungu cha kuachia kinga kitaje mambo mawili wazi, kushtakiwa na kukamatiwa mali, pamoja na amri za kuzuia mali kabla ya hukumu. Nne, kubalianeni namna samansi itakavyofikishwa. Bila hivyo itabidi ipitie kwa wizara za mambo ya nje, na chini ya sheria ya Uingereza dola hupewa miezi miwili ya ziada kabla ya kutakiwa kujibu. Tano, elsii ithibitishwe na benki ya nje ya nchi ya mnunuzi. Hilo lina gharama, lakini ndilo linalokupa mdaiwa asiye na kinga yoyote.

Trendtex walishinda kwenye rufaa, lakini hawakuweza kusubiri. Benki Kuu ilikuwa imekata rufaa Bunge la Malodi, na kampuni ilikuwa imelemewa na madeni. Mwaka 1978 madai yao yaliuzwa kwa dola milioni 1.1, na muda mfupi baadaye aliyeyanunua akapatana na Nigeria kwa dola milioni 8. Sheria iliyotokana na shauri lao inawafaa wafanyabiashara mpaka leo. Sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwa aliyekuwa na uwezo wa kungoja.