Chuja, Chemsha au Fungua Koki: Kuusoma Mchoro wa Maabara

Katika mitihani ya kemia ya sekondari kuna swali ambalo halichoki kurudi. Wanachora vyombo vitatu. Cha kwanza ni faneli iliyotiwa karatasi ya kuchujia, chini yake kuna bika. Cha pili ni chupa ya duara juu ya moto, yenye themomita mdomoni na mkono pembeni unaoingia kwenye bomba la kioo lililolazwa mshazari. Cha tatu ni chombo chenye tumbo pana juu, chembamba chini, na koki ya kufungulia. Halafu wanataja michanganyiko: maji ya bahari yenye mchanga, spiriti na maji, mafuta ya karafuu na maji. Ipi ni ya kipi?

Wanafunzi wengi hukariri jozi, na jozi huwatoka kichwani mara tu mtunga swali anapobadilisha maneno mawili. Ni afadhali kujiuliza: vitu hivi vilivyochanganyika vinatofautiana kwa jambo gani, na mimi nataka kubaki na kipi?

Tuanze na lita moja ya maji yaliyochotwa ufukweni, yametibuka kwa mchanga. Mchanga haujayeyuka, chembe zake ni kubwa kuliko vitundu vya karatasi, kwa hiyo faneli inatosha kuutoa. Karatasi hukunjwa mara mbili, ikafunguliwa iwe umbo la pia, ikalowanishwa kidogo ili ishike kuta za faneli. Maji yasimiminwe yakapita ukingo wa karatasi, maana yatateremka kati ya karatasi na kioo, na mchanga utaingia nayo kwenye bika. Mchoro unaoonyesha maji yamefika juu ya ukingo huo ni mchoro wenye kosa, na watunga mitihani hupenda kulificha hapo.

Yanayoshuka ni maji meupe, angavu kabisa, lakini yana chumvi ileile. Chujio la chai huzuia majani na kuipitisha sukari, na karatasi ya maabara nayo haina la kufanya na kitu kilichokwisha kuyeyuka. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na zote zimepita.

Sasa ndipo swali la pili linapofanya kazi. Ukitaka chumvi, mwaga maji hayo katika bakuli la kukaushia, uyachemshe polepole mpaka yabaki kidogo, kisha uondoe moto chumvi ikiwa bado ina unyevu. Ukiendelea kuchoma mpaka ikauke kabisa, itarukaruka nje ya bakuli. Maji unayapoteza hewani, na hilo halikuhusu kwa sababu hukuyataka. Ukitaka maji, mvuke huo huo unapaswa kuukamata, na hapo chombo cha pili kinaingia. Mchanganyiko ni mmoja, majibu ni mawili. Ndiyo maana maneno kama “kupata chumvi” au “kupata maji safi” hayapaswi kurukwa katika swali.

Kuchemsha kimiminika, kuukusanya mvuke na kuupoza ugeuke kimiminika tena huitwa ukenekaji. Mchoro wake una mambo machache ya kutazama kwa makini. Tumbo la themomita huwa sawa na mlango wa ule mkono wa pembeni, halizami ndani ya maji. Sababu ni kwamba tunataka kujua joto la mvuke unaotoka. Maji yenye chumvi huchemka kwa joto lililozidi kidogo lile la mvuke wake. Bomba la mshazari ni kondensa, nalo ni bomba ndani ya bomba. Maji baridi ya kupozea huingilia chini na kutokea juu. Yakiingilia juu yatateremka upesi bila kulijaza ganda lote la nje, na sehemu ya mvuke itapita bila kupoa. Mwisho, chombo cha kupokelea hakifungwi kikakazwa. Mfumo uliozibwa pande zote na unaopashwa moto ni hatari, kwa kuwa mvuke ukikosa njia utaipasua chupa.

Themomita itasoma ngapi? Kitabu kinasema nyuzi 100 za Selsiasi, na mwanafunzi wa Tanga au Mombasa ataziona hizo. Wa Nairobi, ambako mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ataona kama 94 au 95. Themomita yake haijaharibika. Huko juu hewa inakandamiza kidogo zaidi, na maji huchemka mapema.

Spiriti na maji hazichujiki, kwa kuwa zimeingiliana kabisa. Zinatofautiana kwa joto la kuchemka: ethanoli nyuzi 78, maji 100. Pengo hilo ni dogo, kwa hiyo ukitumia chupa na kondensa pekee mvuke wa ethanoli utatoka na maji mengi ndani yake. Dawa ni kusimamisha safu juu ya chupa, yaani bomba refu lililojazwa shanga za kioo. Mvuke unapopanda hugusa shanga, maji hugeuka matone na kurudi chini, ethanoli inaendelea. Themomita ikitulia karibu na 78, kinachodondoka ni ethanoli. Ikianza kupanda, badilisha chombo cha kupokelea. Hata hivyo, safu ina kikomo chake: ikifika kama asilimia 95 ya ethanoli, mvuke na kimiminika huwa na mchanganyo uleule, na kuchemsha zaidi hakusaidii kitu.

Mafuta ya karafuu yanapendeza zaidi, na hayaishii kitabuni. Pemba kuna kiwanda huko Wawi kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kiungo kikuu cha mafuta hayo, eujenoli, huchemka kwa nyuzi zipatazo 254, joto ambalo lingeweza kuyaharibu. Kwa hiyo mvuke wa maji hupitishwa ndani ya makonyo. Maji na mafuta yasiyochanganyika kila kimoja husukuma kwa mvuke wake, na misukumo miwili ikijumlishwa hushinda ule wa hewa kabla joto halijafika 100. Mafuta hupanda pamoja na mvuke na kupozwa nao. Katika chombo cha kupokelea unapata tabaka mbili, maji na mafuta.

Hapo ndipo chombo cha tatu, faneli ya kutenganishia, kinapohitajika, kwa kuwa tofauti iliyobaki ni uzito tu. Acha tabaka zitulie, toa mfuniko, fungua koki. Mfuniko ukiachwa, kimiminika kitadondoka kidogo kisha kisimame, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Tabaka ya chini hutoka kwanza. Funga koki mstari wa mpaka unapokaribia.

Katika michoro mingi ya vitabuni, mafuta ya taa yanaelea juu ya maji, na mwanafunzi hujizoesha kwamba mafuta ni ya juu siku zote. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, na ndiyo yanayotoka kwanza kwenye koki. Ukiwa na shaka, dondosha tone la maji na ulifuatilie: likitulia juu na kujiunga na tabaka ya juu, basi maji yako juu, likipenya mpaka chini na kupotelea huko, maji yako chini.