Hadithi ya Uaminifu Mstarini

Hadithi ya uaminifu inayosimuliwa mstarini asubuhi hutakiwa kuwa fupi, dakika tatu hadi tano, kwa kuwa watoto wamesimama na wadogo huchoka mapema. Mhusika mmoja na kosa moja vinatosha.

Mfano ni msichana aliyetumwa sukari. Muuza duka akakosea, akamzidishia chenji shilingi elfu mbili. Njiani akanunua maandazi, kisha roho ikamsuta. Akarudi, akasema, "Shikamoo mjomba. Ulinizidishia, na mia tano nimeshaitumia." Muuza duka akapokea zilizobaki, akamshukuru kwa kusema kweli, mama akailipa ile mia tano.

Uzito wote uko hapo: mtoto anakiri kabla hajakamatwa, na mkubwa anaipokea kweli bila fimbo. Walimu wengi humalizia na mwongo aliyeaibika, na hapo ndipo hadithi hupotea. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 3 hadi 7 waliochungulia kitu cha kuchezea walichokatazwa kukitazama. Waliosikia hadithi ya George Washington kukiri kukata mti wa babake walisema kweli zaidi. Hadithi ya Pinokio, anayerefuka pua kwa uongo, haikusaidia. Kisa cha Washington kilipogeuzwa asisifiwe tena, bali uongo umponze, faida ilitoweka.

Funzo hutajwa kwa sentensi moja: "Ukikosea, sema mwenyewe." Kisha mwalimu huuliza kwa nini msichana alirudi. Wakijibu kwamba aliogopa kuchapwa, hadithi haijaeleweka, na isimuliwe upya.