Never, Hardly na Rarely Zinapotangulia Sentensi ya Kiingereza

Sentensi ya kawaida ya Kiingereza huanza na kiima, kitenzi kikafuata, kisha yakaja mengine. Kielezi "never", chenye maana ya kamwe, kwa kawaida hukaa katikati, baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu: "The court has never heard such a case", yaani mahakama haijawahi kusikiliza kesi ya namna hiyo. Kielezi hicho kikihamishiwa mwanzoni, utaratibu huo huvunjika. Kitenzi kisaidizi hulazimika kuruka kiima na kukaa mbele yake: "Never has the court heard such a case." Anayeandika "Never the court has heard such a case" amekosea sarufi, hata kama maneno yote yapo na msomaji ameelewa.

Vielezi vingine vyenye nguvu ya kukanusha hufuata sharti hilohilo. Viko vya mara chache, "rarely" na "seldom". Viko vya kwa shida au muda mfupi mno, "hardly" na "scarcely". Na viko virai vizima kama "at no time", hakuna wakati wowote, na "under no circumstances", kwa hali yoyote ile haifai. "Rarely" na "hardly" havikanushi moja kwa moja kama "never", lakini Kiingereza huvihesabu upande wa ukanushi kwa sababu vinakaribia sifuri. "Often" na "sometimes", ambavyo ni vya upande wa kukubali, havina sharti hilo. Mtu anaweza kuandika "Sometimes the court is full" bila kugeuza chochote.

Mpangilio huu ni mabaki ya Kiingereza cha kale. Zamani lugha hiyo, kama Kijerumani na Kiholanzi hadi leo, ilipendelea kitenzi kishike nafasi ya pili katika sentensi. Neno lolote lilipotangulia, hata la mahali au la wakati, kiima mara nyingi kilisukumwa nyuma ya kitenzi. Kufikia karne ya 16 utaratibu huo ulikuwa umefifia sana, na kiima kikawa kimezoea kukaa mbele ya kitenzi. Baada ya maneno ya kukanusha, hata hivyo, ule wa kale uliendelea kushika, na ndiyo maana sentensi za aina hii zina ladha ya ukale na uzito wa hukumu, hotuba ya bunge au tahariri ya gazeti.

Njia nyepesi ya kuijenga sentensi hiyo ni kupitia swali, kwa kuwa mpangilio unaohitajika ni uleule wa kuuliza. Ichukuliwe sentensi "The bank rarely gives loans to small farmers", benki ni nadra kuwakopesha wakulima wadogo. Kwanza kielezi kinaondolewa, inabaki "The bank gives loans to small farmers". Kisha sentensi hiyo inafanywa swali: "Does the bank give loans to small farmers?" Mwisho kielezi kinarudishwa, safari hii mwanzoni, na alama ya kuuliza inafutwa: "Rarely does the bank give loans to small farmers."

Katika hatua ya pili ndipo wengi wanapoteleza. Sentensi ya awali haikuwa na kitenzi kisaidizi, kwa hiyo ilibidi "does" iletwe kuchukua kazi hiyo. Inapokuja, hubeba alama ya wakati na ya nafsi, na "gives" hubaki uchi kama "give". Anayeandika "Rarely does the bank gives" ameweka alama mara mbili, na anayeandika "Never did the witness told the truth" amefanya kosa hilohilo katika wakati uliopita, maana "did" tayari imebeba wakati na kilichotakiwa ni "tell". Kosa la aina hii hutambulika kwa kusoma maneno mawili tu: kisaidizi kilichotangulia kiima na kitenzi kikuu kinachofuata. Vyote viwili vikionyesha wakati, kimoja kimezidi. Kitenzi "be" pekee hakihitaji msaada hata kinapokuwa kitenzi kikuu, kwani huruka chenyewe: "Rarely is the road dry in April", ni nadra barabara kuwa kavu mwezi wa Aprili.

Kwa mwandishi aliyekulia katika Kiswahili kuna mtego wa ziada. Kamwe ya Kiswahili hudai kitenzi kilichokanushwa, "kamwe hakusema", na ukanushi huo wa pande mbili ndio usahihi wenyewe. Kiingereza rasmi hakiruhusu hivyo. "Never did he not say" haina maana ya kamwe hakusema; ina maana ya kwamba hakuna wakati alioacha kusema, yaani alisema kila mara. Kielezi kikishatangulia, neno "not" halina nafasi tena.

"Hardly" lina matumizi moja yenye taratibu zake, nayo ndiyo watahini wa shule za sekondari Kenya na Tanzania huipenda katika maswali ya kuandika sentensi upya. Hapo neno hilo huunganisha matukio mawili yaliyofuatana kwa haraka sana: "Hardly had the committee read the report when the chairman resigned." Kamati ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kusoma ripoti, mwenyekiti akajiuzulu. Tukio lililotangulia hupewa "had" pamoja na umbo la kitenzi la tendo lililokamilika, na la pili hubaki katika wakati uliopita wa kawaida. Kugeuka hutokea upande wa kwanza tu. Kiunganishi cha katikati ni "when". Maana hiyohiyo ikielezwa kwa "no sooner", kiunganishi huwa "than", kwa sababu "sooner" ni neno la kulinganisha: "No sooner had the committee read the report than the chairman resigned." Wako wanaochanganya na kuandika "hardly" pamoja na "than"; vitabu vya matumizi ya lugha vimeikemea kwa muda mrefu, na katika maandishi rasmi ni bora iepukwe.

Hadi hapa mtu angedhani kanuni ni kwamba neno la kukanusha likiwa mwanzoni, sentensi hugeuka. Dhana hiyo ina kasoro. Zitazamwe sentensi mbili zinazofanana kwa sura. "At no time did the workers finish the job" humaanisha wafanyakazi hawakumaliza kazi wakati wowote. "In no time the workers finished the job" humaanisha waliimaliza upesi ajabu. Zote mbili zimeanza na kirai chenye "no", lakini moja imegeuka na nyingine imetulia. Katika ya kwanza ukanushi umefika kwenye kitenzi: kazi haikuisha. Katika ya pili ukanushi umeishia ndani ya kirai chenyewe, ambacho kwa jumla kina maana ya muda mfupi, na kazi iliisha. Kinachogeuza sentensi, basi, ni ukanushi unaolifikia tendo.

Tofauti hii ina kipimo chake. Kiingereza kina maneno kama "any" na "ever" ambayo hutulia vizuri mahali penye ukanushi au swali, na hukataa kukaa katika sentensi ya kukubali. "At no time did the workers finish any job" inakubalika. "In no time the workers finished any job" inakwaruza sikio la mwenyeji wa lugha. Sentensi inayokaribisha "any" kwa njia hiyo ndiyo inayotakiwa kugeuzwa.

Kipimo hicho hueleza pia sentensi za vipeperushi vya dawa ambazo huwashangaza wasomaji makini: "Rarely, patients develop a rash." "Rarely" imetangulia na hakuna kilichogeuka, wala si kosa. Mwandishi anasema kwamba kwa wagonjwa wachache hutokea upele. Anathibitisha tukio na kueleza uchache wake, na mkato baada ya kielezi unakitenga na kitenzi. Angeandika "Rarely do patients develop a rash", mkazo ungehamia kwenye kukana: upele si jambo la kutarajiwa. Daktari anayetaka kuonya atachagua ya kwanza, na muuza dawa huenda akavutiwa na ya pili.

Ziko pia sentensi ambazo neno la kukanusha limetangulia kwa sababu ni sehemu ya kiima. "Hardly anyone came", karibu hakuna aliyekuja, haigeuki, kwani "hardly anyone" ndicho kiima na hakuna kingine cha kurukwa. Amri nazo huachwa kama zilivyo: "Never open this door" haina kiima kinachotajwa.

Ugumu mwingine hujitokeza sentensi inapokuwa na vishazi viwili, hasa baada ya "not until" na "only after". Mfano ni huu: "Not until the rain stopped did the farmers begin to plant", wakulima hawakuanza kupanda mpaka mvua ilipokatika. Kishazi kilicho karibu na neno la kukanusha ni cha mvua, na mkono wa mwandishi huvutwa kukigeuza hicho: "Not until did the rain stop the farmers began". Hilo ni kosa. Kishazi cha mvua ni tegemezi. Kazi yake ni kutaja wakati tu. Kinachokanushwa ni kuanza kupanda, na kitenzi cha kishazi huru ndicho kinachogeuzwa. Anayesita ajiulize ni jambo gani halikutokea, kisha ageuze hapo.

Kuhusu mahali pa kuutumia mpangilio huu, si kweli kwamba ni wa maandishi rasmi peke yake. Vijana wa Kiingereza husema "No way am I going", siendi ng'o, na sarufi yake ni hiyohiyo. Lakini "never", "rarely" na "hardly" zikitangulia huleta sauti ya mimbari. Katika ripoti ya kurasa chache, sentensi moja ya namna hiyo humfanya msomaji asimame mahali palipokusudiwa; zikifululiza tatu katika aya moja, maandishi huonekana yamevaa joho sokoni. Mahali panapostahili ni pale ambapo ukanushi wenyewe ndio habari: jaji anayesema jambo halijawahi kutokea, au tangazo la usalama linalokataza kitendo bila kubakiza mwanya.

Na kwa asiye na uhakika, njia ya kukwepa ipo. Kielezi kikirudishwa katikati, "The bank rarely gives loans", maana ya msingi haipungui na hakuna cha kugeuza. Njia hiyo haimfai tu mtahiniwa aliyeagizwa aanze na "Rarely".