Ishirini ya Wodini

Muuguzi aliyekuwa akifundisha hakuanza kwa kueleza ugonjwa. Alibandika ukutani karatasi moja ya vipimo vya wodi, majina yakiwa yamefutwa, akawaomba wenzake wasome safu ya upumuaji. Wagonjwa 18, kuanzia kijana aliyevunjika mkono hadi mzee mwenye nimonia, na wote waliandikiwa kwamba wanapumua mara 20 kwa dakika. Wauguzi wakacheka kicheko cha watu waliofumaniwa.

"Nani hapa hajawahi kuiandika hiyo ishirini?" akauliza. Hakuna aliyenyosha mkono.

Somo la mchana huo lilikuwa sepsisi, hali ambayo mwili unaopambana na maambukizi unavuka mpaka na kuanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Mitaani huitwa sumu kwenye damu, jina ambalo nadhani linapotosha, kwa sababu humfanya mtu adhani adui yuko kwenye damu tu. Chanzo kinaweza kuwa kidonda cha mguu, mapafu, njia ya mkojo au mfuko wa uzazi, na mara nyingi hata damu ikioteshwa maabara hakionekani kijidudu chochote. Kinachoua ni mishipa iliyolegea na kuvujisha maji, hadi figo, ubongo na moyo vinakosa damu ya kutosha.

Pumzi inaingiaje hapo? Tishu zisipopata damu ya kutosha hutengeneza tindikali. Njia ya haraka ya mwili kuipunguza ni kutoa hewa chafu kwa wingi, kwa hiyo mgonjwa anaanza kupumua upesi hata kama mapafu yake ni mazima. Haya yanaweza kutokea wakati presha bado inasomeka vizuri, kwa kuwa moyo unaenda mbio na mishipa inajikaza ili kuishikilia. Presha ikishuka waziwazi, ujue mwili umeshatumia akiba yake. Lakini presha ina mashine na joto lina kipimajoto. Pumzi haina chombo ila macho ya muuguzi na saa ya mkononi, ndiyo maana inaachwa.

Aliwapanga wawiliwawili wahesabiane. Ushike mkono wa mgonjwa kana kwamba unahesabu mapigo, utazame kifua au tumbo likipanda, na uhesabu dakika nzima. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, hubadilika. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na nne hizo zinatosha kumhamisha mgonjwa kutoka kundi la wazima hadi la wanaotia wasiwasi. Majibu yakasomwa: 13, 17, 15, 18. Ishirini haikutokea.

Kisha akaleta mgonjwa wa mfano, aliyemtunga kutokana na wagonjwa kadhaa aliowahi kuwahudumia. Ni fundi mwashi wa miaka 52 mwenye kidonda cha mguu kilichovimba. Kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, ameanza dawa, na kila mtu ametulia. Saa sita mchana joto lake ni 38.9, mapigo 104, presha ya juu 124. Saa kumi na mbili jioni joto limeshuka hadi 37.8, mapigo 112, presha 112. Saa sita usiku joto ni 36.2, mapigo 118, presha 104. Upumuaji umeandikwa 20 mara zote tatu, na oksijeni 96.

"Anaendelea vizuri?" akauliza. Wawili watatu wakaitikia, maana homa imeshuka.

Hapo ndipo mtego ulipo. Akachukua kalamu nyekundu akaunganisha mapigo, kisha ya buluu akaunganisha presha. Mchana mstari wa presha uko juu. Jioni imekutana na mapigo, na usiku mapigo yamepita juu yake. Kila namba ukiitazama peke yake haitishi sana, na muuguzi wa zamu ya usiku anayeona safu yake tu hana sababu ya kumwamsha daktari. Joto nalo limedanganya. Homa inayoshuka huku mapigo yakipanda si nafuu, na mgonjwa wa sepsisi anaweza kuwa na joto la kawaida au hata kupoa. Malaria pia haifuti maambukizi mengine. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kidonda kilikuwa pale pale.

Sasa akaongeza mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye chati. Pumzi zilipohesabiwa dakika nzima zilikuwa 28. Na mke wa fundi alikuwa amemwambia mhudumu tangu magharibi, "Dada, leo mume wangu si yeye. Ananiuliza kama tumeshapaua nyumba ya shangazi, na ile tulimaliza mwaka juzi." Mhudumu alimjibu kwamba ni homa tu.

Kuna mfumo wa alama uitwao NEWS2, uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London na kurekebishwa 2017, ambao hukipa kila kipimo alama kuanzia 0 hadi 3. Kwa chati ya saa sita usiku kama ilivyoandikwa, fundi anapata 3: mbili za mapigo na moja ya presha. Badala ya 20 weka 28, zinaongezeka tatu. Andika kwamba amechanganyikiwa, zinaongezeka tatu nyingine. Jumla ni 9, na kuanzia 7 mfumo unataka daktari aje mara moja. Mgonjwa ni yule yule, saa ni ile ile.

Mwalimu hakuuficha udhaifu wa mfumo wenyewe. Alama hizo hazikutengenezwa kwa watoto wala wajawazito, ambao wana majedwali yao. Alama kubwa pia haisemi ni sepsisi. Mtu anayevuja damu ndani au mwenye pumu kali anaweza kuzipata. Kazi yake ni kumleta daktari kitandani, kisha swali lifuate: maambukizi yako wapi?

Daktari mmoja kijana akauliza kama huyo fundi angefunguliwa dripu lita mbili upesi. Jibu lilikuwa refu kuliko alivyotarajia. Antibayotiki, ndiyo, na ndani ya saa moja kwa hali kama hii, damu ya kuotesha ikichukuliwa kwanza kama inawezekana bila kuchelewesha dawa. Kidonda chenye usaha kifunguliwe. Ila maji yapimwe kwa jicho. Lusaka, katika utafiti uliochapishwa 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya ukimwi, waliopewa maji mengi mapema walikufa asilimia 48, dhidi ya 33 kwa waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo maji yanatolewa kidogo kidogo, na kila baada ya chupa unarudi kuhesabu pumzi. Zikipanda na mapafu yakianza kutoa sauti ya majimaji, unasimama.

Mwishoni muuguzi mmoja mkongwe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema, "Sista, usiku tuko wawili kwa wagonjwa 40. Dakika nzima kwa kila mmoja ni dakika 40."

"Anza na waliopasuliwa, wenye vidonda, na yule ambaye ndugu yake anasema leo si yeye," akajibiwa. "Wengine ukikosa muda, acha safu wazi. Anayekupokea zamu asubuhi akiona pako wazi, ataenda kuhesabu. Akiona ishirini, hataenda."