Namba Inayorudisha Picha

Mbunifu wa kanga anayetumia Stable Diffusion anaweza kuandika maelezo yale yale mara mbili na kupata picha mbili zisizofanana. Sababu ni kwamba programu haianzi na karatasi tupu. Huanza na chengachenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka korosho na maua yajitokeze. Chengachenga hizo hutokana na namba moja iitwayo mbegu. Mbegu ikiwa ile ile, na mipangilio mingine isiguswe, picha hurudi ile ile.

Katika AUTOMATIC1111, ukurasa unaotumiwa na wengi kuendesha programu hii, kisanduku cha Seed huwa na -1, maana yake kompyuta ijichagulie namba. Anza hivyo hivyo, utoe picha kadhaa uzitazame. Tuseme umependa mji wenye korosho nne, na mbegu yake ni 48213. Iandike kwenye Seed. Sasa unataka kuona korosho hizo kwa sura nyingine kidogo. Usijaribu 48214 ukidhani utapata ndugu yake, kwa kuwa namba jirani hazizai picha jirani.

Weka alama kwenye Extra, uache Variation seed ikiwa -1, kisha Variation strength uipe 0.1. Kipimo hiki huchanganya chengachenga za mbegu mbili: kwenye 0 ni za mbegu kuu tupu, kwenye 1 ni za mbegu ya pili tupu. Kwa 0.1, kwa kawaida mpangilio hubaki, yakabadilika madoa na vijani vilivyo ndani ya korosho. Kwa 0.3 korosho moja inaweza kugeuka au kuhama pembe. Ukipita 0.5 mbegu ya pili ndiyo inayotawala, na hapo naona afadhali kutafuta picha mpya kabisa. Ukiagiza nne kwa mkupuo, mbegu kuu hubaki 48213, ile ya pili ikiongezeka moja moja. Kwa hiyo picha utakayoichagua ina namba tatu za kutunza: mbegu mbili na kipimo.

Hata hivyo namba pekee hazitoshi. Ukibadilisha ukubwa kutoka 768 × 512, chengachenga nazo hubadilika na korosho zako hupotea. Modeli, maelezo, idadi ya hatua na aina ya sampler lazima zibaki zilivyokuwa, na kadi nyingine ya michoro inaweza kuleta tofauti.

Habari njema ni kwamba faili la PNG huhifadhi mipangilio hiyo ndani yake. Lifungue kwenye PNG Info utaisoma yote. Lakini picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupoteza maandishi hayo. Mtumie mteja nakala, faili la asili libaki kwako.